Mshahara umepanda asilimia 26, mbona haufiki tarehe ishirini?

*"Mwalimu, mimi ni mtunza ghala hapa Nakuru. Februari 2021 mshahara wangu kabla ya makato ulikuwa shilingi 50,000. Kila Januari nimeongezwa: 52,500, halafu 55,500, halafu 59,500, na mwaka huu wa 2025 nimefika 63,000. Afisa wa rasilimali watu anasema kampuni imetuongeza kuliko mfumuko wa bei, na kweli redioni nasikia mfumuko ni asilimia 3 na ushei. Mbona basi pesa inakatika kabla ya tarehe ishirini, na zamani ilikuwa inafika mwisho wa mwezi? Nusu ya ninachopata inaishia kwenye chakula. Ni mimi sijui kupanga, au kuna hesabu nisiyoiona?"*

Kuna hesabu usiyoiona, ndugu yangu, na afisa wenu naye anaona upande mmoja tu wa hesabu hiyohiyo. Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi za mishahara, na nimeshuhudia mabishano ya namna hii yakiisha kwa hasira, kumbe kila mtu mezani alikuwa amebeba namba ya kweli. Kila mmoja alikuwa amepima kitu chake.

Tuanze na ile asilimia 3 na ushei ya redioni. Ile ni habari ya mwaka mmoja tu: bei za Februari 2025 zikilinganishwa na za Februari 2024, na jibu la Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilikuwa asilimia 3.5. Mfumuko ukishuka, bei hazirudi chini. Zinaendelea kupanda, ila mwendo umepungua. Basi linalotoka Nairobi kuja Nakuru likipunguza mwendo pale Gilgil halijageuza kurudi Naivasha. Ongezeko lako ni la miaka minne, kwa hiyo ni lazima lipimwe na bei za miaka minne, kuanzia Februari 2021.

KNBS hutoa mfumuko wa kila mwezi ukilinganishwa na mwezi uleule wa mwaka uliotangulia. Kwa Februari, namba ni hizi: 2022 asilimia 5.1, 2023 asilimia 9.2, 2024 asilimia 6.3, na 2025 asilimia 3.5. Wengi huzijumlisha wapate 24.1, halafu hutoa kwenye 26 na kusema wamebaki na faida ya karibu asilimia mbili. Hapo ndipo kosa la kwanza linapoingia. Bei za 2023 hazikupanda kutoka zilipokuwa 2021, zilipanda juu ya bei za 2022 ambazo tayari zilikuwa zimepanda. Kwa hiyo tunazidisha, hatujumlishi. Ukiwa na simu yenye lahajedwali, andika hivi:

```
=1.051*1.092*1.063*1.035
```

Utapata 1.263 hivi. Maana yake ni kwamba kapu la bidhaa na huduma lililogharimu shilingi 1,000 Februari 2021 liligharimu kama 1,263 Februari 2025. Mshahara wako nao umekwenda kutoka 50,000 hadi 63,000, yaani mara 1.26. Sasa gawanya 1.26 kwa 1.263, usitoe. Unapata 0.998. Mshahara wako kabla ya makato unanunua karibu kilekile ulichokuwa unanunua miaka minne iliyopita, pungufu kidogo sana. Ongezeko lote la 13,000 lilikuwa ni kukimbia ili ubaki ulipokuwa.

Angalia jambo moja kuhusu miezi. Nimechukua Februari kwa Februari kwa makusudi, kwa sababu ndiyo tarehe uliyoanzia. Mtu akipima mshahara wake kuanzia Januari, lakini bei azianzie Juni, atapata jibu zuri au baya kutegemea tu alikofungua kurasa. Vilevile usiweke marupurupu ya mara moja, kama malipo ya saa za ziada za Desemba, upande mmoja halafu uyasahau upande wa pili.

Mpaka hapa ningeweza kukuambia hukupata wala hukupoteza, lakini hilo halielezi mbona tarehe ishirini huna kitu. Kwa hilo, chukua peislipu ya Februari 2021 na ya Februari 2025, uziweke mezani pamoja, usome sehemu ya makato mstari kwa mstari. Mimi nimezijenga upya kwa viwango vilivyokuwa vikitumika miezi hiyo. Kama huna mkopo wala makato ya chama cha akiba, yako yanapaswa kukaribia sana haya.

Februari 2021, kwenye 50,000, NSSF ilichukua shilingi 200 tu. Bima ya afya ya NHIF ilichukua 1,200. Kodi ya mapato, PAYE, ilikuwa 7,323. Mkononi ulibaki na 41,277.

Februari 2025, kwenye 63,000, NSSF ilichukua 3,780. SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara wote, kwa hiyo 1,733. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, kwa hiyo 945. PAYE ilikuwa 9,346. Mkononi ulibaki na 47,196.

Kwenye zile 13,000 ulizoongezwa kwa miaka minne, zilizofika mfukoni mwako ni 5,919. Zaidi ya 7,000 zilibaki njiani. Mshahara wa mkononi umepanda kwa asilimia 14.3 tu, wakati bei zimepanda kwa 26.3. Gawanya 1.143 kwa 1.263 na utapata 0.905. Pesa unayoishika mwisho wa mwezi inanunua pungufu ya asilimia 9 na nusu kuliko ile ya 2021. Ili mkono wako uwe na uzito uleule, ungepaswa kubeba nyumbani kama 52,130. Pengo ni karibu shilingi 4,940 kila mwezi. Kwa nyumba inayotumia vizuri kila kitu kinachoingia, shilingi hizo ni unga, gesi na nauli za siku kadhaa. Hujasahau kupanga.

Nataka uelewe makato haya yamekuaje, maana yako ya aina mbili na hayastahili kulaumiwa kwa pamoja.

Aina ya kwanza ni makato mapya au yaliyokuzwa. NSSF ndiyo kubwa kuliko zote. Sheria yake ya 2013 ilikaa mahakamani miaka mingi, na ilipoanza kutekelezwa Februari 2023, ile 200 ya zamani iliondoka na ikaja asilimia 6 ya mshahara, ikihesabiwa hadi kikomo kinachopandishwa kila Februari. Mwaka 2023 kikomo kilikuwa 18,000, mwaka 2024 kikawa 36,000, na Februari 2025 kikafika 72,000. Ndiyo maana ulihisi kama umekatwa mshahara mara tatu, kila mara mwezi mmoja tu baada ya kuongezwa. Ushuru wa nyumba ulianza Julai 2023. Ulisimama mwanzoni mwa 2024 kwa sababu ya kesi, ukarudi Machi mwaka huohuo baada ya sheria mpya. Kwa waajiri wengi Februari 2024 ina sura ya peke yake, haina ushuru huo. Ukiifanya mwezi wako wa mwanzo, hesabu itakupotosha.

Aina ya pili ni kodi isiyotazama bei. Mabano ya PAYE kwa mtu wa kiwango chako yalikaa palepale kuanzia Januari 2021 hadi Februari 2025: shilingi 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25, na zinazozidi hapo kwa 30. Nafuu ya mlipa kodi nayo ilibaki 2,400 ileile. Kama lile bano la kwanza lingepanda pamoja na bei, Februari 2025 lingekuwa kama 30,300. Halikupanda, na kwa hiyo kila shilingi uliyoongezwa ili kufidia mfumuko imehesabiwa kama utajiri mpya na kukatwa asilimia 30. Serikali haikutangaza kodi mpya hapo. Ilitosha kuyaacha mabano kama yalivyo.

Sasa kuna jambo la haki ninalopaswa kulisema kuhusu NSSF. Zile 3,780 hazijapotea, ni akiba yako ya uzeeni, na mwajiri anaweka nyingine kama hizo juu yake. Ukirudisha makato ya NSSF kwenye hesabu kwa miaka yote miwili, malipo yako yametoka 41,477 hadi 50,976. Hapo kupungua halisi ni asilimia 2.7 hivi badala ya 9.5. Basi ipi ndiyo kweli? Inategemea swali. Ukiuliza kama unaweza kulipa kodi ya nyumba na karo mwezi huu, tumia 9.5, kwa sababu huwezi kupeleka taarifa ya NSSF dukani ukapewa mchele. Ukiuliza kama kazi hii inakulipa vibaya kuliko zamani, 2.7 iko karibu zaidi na ukweli. Mimi mwenyewe huwa naandika zote mbili, kila moja na jina lake.

Kisha kuna upande wa afisa wenu. Mwaka 2021 kampuni ilikulipia jumla ya 50,200: mshahara pamoja na 200 zake za NSSF. Mwaka huu inalipa 63,000, pamoja na 3,780 za NSSF na 945 za ushuru wa nyumba, jumla 67,725. Gharama ya kukuajiri imepanda kwa asilimia 34.9, na hata baada ya kuondoa mfumuko inabaki karibu asilimia 7 juu. Mhasibu wa kampuni anaiona namba hiyo kila mwezi. Kwa hiyo afisa aliposema mmeongezwa kuliko mfumuko, inawezekana kabisa alikuwa anasema kweli kwa kitabu chake. Mtu mmoja, kazi moja, miaka ileile minne: kwa mwajiri amepanda asilimia 7, kabla ya makato amesimama, mkononi ameshuka asilimia 9 na nusu. Msipokubaliana kwanza ni mshahara upi unaopimwa, mtazunguka mpaka jioni.

Umesema nusu ya pesa yako inakwenda kwenye chakula. Hilo ni muhimu kuliko unavyodhani. Kapu la KNBS, ambalo msingi wake ni Februari 2019, linakipa chakula na vinywaji visivyo na kilevi uzito wa karibu asilimia 33. Ni wastani wa nchi nzima, ukiwemo mtu wa Nairobi anayelipa karo ghali na kununua gari. Na chakula ndicho kilichokimbia: kwa Februari zile nne kilipanda kwa asilimia 8.7, 13.3, 6.9 na 6.4, jambo ambalo ukizidisha linafika kama asilimia 40 kwa miaka minne. Vitu vingine vyote, ukivitenga, vinabaki karibu asilimia 19 na nusu. Kwa kapu lako la nusu kwa nusu, bei hazikupanda 26.3, zilipanda karibu asilimia 30, na mkono wako umepungua kama asilimia 12. Ukipeleka namba hii kwa mwajiri hataikubali, na ana sababu, kwa kuwa hawezi kumpimia kila mfanyakazi kapu lake. Lakini kwa kupanga nyumba yako, ndiyo namba yenye ukweli zaidi.

Usijaribu kufupisha kazi kwa kupima bidhaa moja. Julai 2022 serikali ilitangaza pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ishuke kutoka 205 hadi 100 kwa ruzuku ya muda mfupi. Aliyepima maisha yake kwa unga mwezi ule alijiona tajiri, na miezi michache baadaye akajiona fukara, wala mshahara haujaguswa. Nina daftari la shule ambalo mke wangu huandika humo bei za vitu kumi na viwili tunavyonunua kila mwezi, duka lilelile, uzito uleule. Limenifundisha pia kuangalia uzito: kuna sabuni kwenye daftari lile ambayo bei yake haikusogea mwaka mzima, ila kipande kilipunguzwa gramu.

Kuna hasara moja ambayo hesabu ya mwanzo na mwisho huificha. Nimesema mshahara wako kabla ya makato umekaribia kufikia bei tena mwaka huu. Lakini katikati ulikuwa shimoni. Februari 2023, ili ulingane na 2021, ulihitaji kama 57,400 na ulikuwa unapata 55,500, pengo la 1,900 kwa mwezi. Mfumuko ulikuwa umefika kilele cha asilimia 9.6 Oktoba 2022, na nyongeza yako ya asilimia 5.7 ikaja Januari baada ya bei kuwa zimeshakwenda. Mwaka 2024 pengo lilikuwa bado kama 1,500. Mwaka huu limebaki 150. Kufika tena kwenye usawa hakukurudishii zile elfu moja na mia tisa za kila mwezi. Kama ulikopa kwenye simu au kwenye chama mwaka 2023 na bado unalipa, huenda deni hilo ndilo shimo lile likiendelea kukukata hadi leo. Lipime peke yake, usilichanganye na makato ya sheria.

Ukienda kwa mwajiri, nenda na hesabu ya mshahara kabla ya makato, kwa sababu ndiyo anayoiamua yeye. Mwonyeshe mstari wa mwaka kwa mwaka na pengo la 2023 na 2024. Usimlaumu kwa NSSF wala SHIF, maana hakuzitunga. Na ujue kabla hujaingia ukubwa wa unachoomba: kwa kiwango chako, kila shilingi mpya inakatwa senti 10 na robo za NSSF, SHIF na nyumba, kisha kinachobaki kinakatwa PAYE ya asilimia 30. Unabaki na senti 63 hivi. Kwa hiyo kuziba lile pengo la 4,940 mkononi kunahitaji nyongeza ya kama 7,900, yaani asilimia 12 na nusu. Ni nyingi, na sitakudanganya kwamba waajiri wengi watatoa hiyo kwa mwaka mmoja. Ninachoona kinawezekana zaidi ni kukubaliana kwamba nyongeza ya kila Januari isishuke chini ya mfumuko wa Desemba uliotangazwa, na sehemu ya pengo la zamani ifidiwe kwa awamu. Wengine hukubali kutoa chakula cha mchana au usafiri badala ya fedha taslimu. Uliza jinsi vinavyotozwa kodi kabla hujavikubali.

Kama kuna chama cha wafanyakazi hapo, mpelekee mwakilishi hesabu hii kabla ya mazungumzo ya mkataba wa pamoja. Makubaliano ya kufidia bei yana nguvu zaidi yakiandikwa humo kuliko yakiahidiwa ofisini.

Na kuna mahali ambapo maelezo yangu hayatoshi, inakubidi uonane na mtu ana kwa ana. Ikiwa peislipu yako inatofautiana na namba zangu kwa mamia ya shilingi na hakuna mkopo unaoeleza tofauti hiyo, omba fomu ya P9 ya mwaka mzima na umkalishe mhasibu wa mishahara akuonyeshe kila mstari. Kisha omba taarifa ya akaunti yako NSSF na uihesabu mwezi kwa mwezi. Niliwahi kukuta kampuni moja ikikata wafanyakazi kila mwezi bila kuwasilisha kwa miezi saba, na hakuna aliyejua mpaka mmoja wao alipoomba taarifa yake. Ukiona miezi iliyokatwa kwenye peislipu haipo kwenye taarifa, beba karatasi zote mbili uende ofisi ya NSSF iliyo karibu, na kama hakuna jibu, nenda kwa afisa wa kazi wa kaunti.